Umri wa mwamba: maswali tunayoulizwa kuhusu saa ya potasiamu-argoni na ya urani-risasi

Maswali haya yametoka kwa watu wanaopita kwenye meza yetu ya mawe hapa Nairobi: wanafunzi wa jiolojia, walimu wanaoleta watoto Makumbusho, wachimba mawe, na jamaa mmoja au wawili waliokuja kubishana. Mfano ninaourejelea mara nyingi ni tufi ya KBS ya Koobi Fora, mashariki mwa Ziwa Turkana. Ni mwamba wa kwetu, umepimwa na watu wengi kwa njia nyingi, na kwa takriban miaka 10 majibu yao hayakupatana.

Tukisema jiwe lina miaka kadhaa, tunahesabu tangu lini?

Mzee mmoja anayeuza mawe ya ujenzi alinijia na kipande cha jiwe la Ndarugo, lile la kijivu linalokatwa kwa mashine kule Juja. Akaniuliza, "Mwanangu, hili lina miaka mingapi?" Nikamjibu, "Mzee wangu, tangu lini? Tangu likatwe, tangu volkano ilitapike, au tangu chembe zake ziumbike?" Akacheka, akadhani namkwepa.

Simkwepi. Saa ya mwamba haianzi pale vitu vilivyomo vilipoumbika. Inaanza siku mlango ulipofungwa, yaani siku ambayo kile kinachozaliwa ndani ya fuwele kiliacha kutoroka. Kwa lava au jivu la volkano lililopoa upesi, siku hiyo na siku ya mlipuko ni kitu kimoja. Kwa mwamba uliopikwa chini kabisa ya milima, hizo ni siku mbili tofauti, na kati yake kunaweza kuwa na miaka milioni 100.

Saa ya potasiamu-argoni inafanyaje kazi?

Potasiamu imejaa kwenye feldispa, zile fuwele nyeupe au za kioo unazoziona kwenye lava nyingi za Bonde la Ufa. Sehemu ndogo sana ya potasiamu hiyo, kama atomu 117 katika kila milioni, ni isotopu iitwayo potasiamu-40, ambayo hugeuka polepole. Nusu yake hugeuka kila baada ya miaka bilioni 1.25. Sehemu kubwa inakuwa kalsiamu, ambayo haitusaidii kwa sababu kalsiamu imejaa kila mahali. Lakini kama atomu 10 au 11 kati ya 100 zinazogeuka zinakuwa argoni-40, na hapo ndipo tunaposhika kazi.

Argoni ni gesi isiyoshikana na chochote. Lava ikiwa ya maji maji, gesi hiyo huponyoka. Fuwele ikishapoa, argoni inayozaliwa ndani yake hunaswa katikati ya atomu nyingine na haina pa kwenda. Kwa hiyo unapima mambo mawili: potasiamu iliyopo na argoni iliyorundikana. Tukiita uwiano wa argoni iliyozaliwa kwa potasiamu-40 iliyobaki `R`, hesabu ni hii:

```
t = (1 / 5.543e-10) × ln(1 + 9.54 × R)
```

Namba ya kwanza ni kasi ya kugeuka kwa mwaka, ile ya 9.54 inarekebisha kwamba si atomu zote zinazokuwa argoni. Hakuna siri nyingine katika hesabu. Ugomvi wote uko ndani ya `R`.

"Mfumo uliofungwa" ni nini?

Fikiria kibubu cha udongo. Mama anaweka shilingi 10 kila siku, hakosi. Ukikivunja ukakuta shilingi 3,650, unasema kimekaa mwaka mmoja. Umeamini mambo matatu bila kuyataja: kilikuwa kitupu siku ya kwanza, hakuna aliyechokoa sarafu kwa kijiti, na hakuna aliyetia sarafu zake pembeni. Mfumo uliofungwa ni imani hizo.

Kwenye fuwele, kibubu kisicho kitupu mwanzoni ni argoni ya zamani iliyobaki wakati wa kuganda. Kijiti ni joto au kuoza kwa mwamba kunakotoa argoni. Sarafu za pembeni ni hewa inayoingia, au chembe za mwamba mwingine zilizochanganyika na zako. Kosa la kwanza na la tatu hufanya jiwe lionekane zee, la pili hulifanya lionekane changa. Ukijua namba imeelekea upande gani, tayari umejua pa kuanza kutafuta.

Kisa cha tufi ya KBS ni kipi?

Tufi ni jivu la volkano lililoshikana. Hii ya KBS imepewa jina kutokana na eneo ambalo mwanajiolojia Kay Behrensmeyer alikuta zana za mawe ndani yake. Jivu lenyewe lilisombwa na mito, likatandazwa kwenye tambarare ya ziwa, likiwa na mabonge ya pamisi, lile jiwe jepesi lenye matundu.

Mwishoni mwa miaka ya 1960, Frank Fitch na Jack Miller wa Uingereza walipokea sampuli. Kipimo cha kwanza kilitoa umri wa kati ya miaka milioni 212 na 230. Hilo halikumsumbua mtu sana, kwa kuwa lilikuwa haliwezekani: visukuku vilivyokuwa pale ni vya tembo na nguruwe. Kilichoonekana wazi ni kwamba mto uliosomba jivu ulisomba pia mchanga wa miamba ya kale. Wakaomba sampuli safi zaidi, wakachagua fuwele za feldispa kutoka kwenye pamisi, na mara hii wakapata miaka milioni 2.61.

Namba ya milioni 230 inajitangaza kuwa mbovu. Ya milioni 2.61 haijitangazi. Inafanana na jibu.

Mwaka 1972, Bernard Ngeneo, mmoja wa watafutaji wa visukuku katika timu ya Richard Leakey, aliokota vipande vya fuvu ambalo leo tunaliita KNM-ER 1470 na ambalo limehifadhiwa hapa Nairobi. Lilitoka chini ya tufi ya KBS. Kama tufi ilikuwa na miaka milioni 2.61, basi fuvu lilikuwa la zamani zaidi, na mwaka uliofuata likatangazwa kuwa na takriban miaka milioni 2.9. Fuvu lenye ubongo mkubwa kiasi kile, la zamani kiasi kile, lilipindua mambo mengi.

Waliokataa kwanza hawakuwa watu wa isotopu. Walikuwa watu wa nguruwe. Basil Cooke alikuwa amefuatilia meno ya nguruwe wa kale katika bonde la Omo, ng'ambo ya mpaka wa Ethiopia, ambako meno ya aina moja yanarefuka kadiri unavyopanda kwenye tabaka. Nguruwe wa chini ya KBS walifanana na wale wa Omo wa miaka takriban milioni 2, si milioni 2.6 na ushee. Mwaka 1975, Garniss Curtis na wenzake wa Berkeley wakapima tufi yenyewe kwa potasiamu-argoni wakapata namba mbili, milioni 1.60 na 1.82, wakadhani ni tufi mbili.

Kisha zirkoni za tufi hiyo, fuwele ndogo ngumu zenye urani ndani yake, zikahesabiwa mikwaruzo inayoachwa na urani inapopasuka, na mwaka 1976 zikatoa takriban milioni 2.44. Hapo waliokuwa upande wa 2.61 wakapumua: njia nyingine kabisa, jibu la karibu. Miaka minne baadaye kazi hiyo ilirudiwa kwa uangalifu zaidi ikatoa 1.87. Mimi huwaambia wanafunzi wasimame hapa kidogo. Njia mbili zisizohusiana zilikubaliana, na zote mbili zilikuwa zimekosea.

Uchafu kiasi gani unatosha kuharibu kipimo?

Hili ndilo swali nipendalo, kwa sababu jibu lake huwashtua hata waliosoma. Tulifanye kwa namba.

Feldispa yenye umri wa miaka milioni 1.87 ina argoni kidogo mno. Ukigeuza ile hesabu ya juu, unakuta kwa kila atomu milioni moja za potasiamu-40 kuna atomu 109 za argoni iliyozaliwa humo. Ili fuwele hizo zionekane kuwa na miaka milioni 2.61, unahitaji atomu 152. Tofauti ni atomu 43 kwa milioni.

Sasa chukua punje ya feldispa kutoka kwenye miamba ya kale iliyozunguka bonde. Tuseme ina miaka milioni 550. Katika kila milioni ya potasiamu-40 yake kuna atomu za argoni kama 37,400. Gawanya: 43 kwa karibu 37,300. Punje moja ya aina hiyo kati ya takriban 870, za ukubwa na potasiamu sawa, inatosha kusogeza umri kutoka 1.87 hadi 2.61.

Nimeketi kwenye hadubini nikichagua punje hizo kwa kibanio, mezani kuna sahani ndogo ya kioo na karatasi nyeupe chini yake. Feldispa ya volkano ni angavu kama kipande cha chupa, kingo zake kali, mara nyingine imeshikwa na kijikaratasi cha kioo cha pamisi. Ile ya mto ni ya ukungu kidogo, mabega yake yamelainika. Punje 100 za kwanza unazitofautisha bila shida. Ukifika ya 600 saa kumi jioni, macho yamechoka, na moja ya ukungu inapita.

Mkumbuke pia kwamba wakati ule punje hazikupimwa moja moja. Ziliyeyushwa mamia kwa pamoja, gesi ikakusanywa, ikatoka namba moja. Wastani haukuambii kuwa ndani yake kuna mgeni.

Ubishi uliishaje?

Uliisha kwa kubadilisha kinachopimwa kabla ya kubadilisha mashine. Ian McDougall wa Australia na wenzake walishikilia mabonge ya pamisi peke yake. Bonge la pamisi ni mfuko uliofungwa na volkano yenyewe: fuwele iliyo ndani yake haikuokotwa mtoni. Unakata ganda la nje, unasafisha, unavunja cha ndani. Mwaka 1980 wakatoa umri wa milioni 1.89, wakiwa na kosa la milioni 0.01 juu au chini. Hesabu ya mikwaruzo ya zirkoni iliyotoka mwaka uleule, ile niliyoitaja ya 1.87, ilikubaliana nao. Kipimo cha baadaye cha McDougall na Frank Brown, cha mwaka 2006, ni 1.869.

Huku nyuma, Thure Cerling, Brown na wengine walikuwa wamelinganisha kemia ya kioo cha tufi na kuonyesha kwamba KBS ndiyo ileile tufi iitwayo H2 kule Omo. Yale maneno ya tufi mbili yakafa, na nguruwe wa Cooke wakapata haki yao. Fuvu la 1470 leo linahesabiwa kuwa na takriban miaka milioni 2.

Siku hizi mashine zimeongeza kinga nyingine. Fuwele hupelekwa kwanza kwenye tanuri la nyuklia, ambako sehemu ya potasiamu ya kawaida hugeuzwa argoni-39. Hapo potasiamu na argoni vinapimwa pamoja, kutoka kwenye punje ileile, na leza huyeyusha punje moja moja. Ukipima punje 30, 29 zikasema milioni 1.87 na moja ikasema milioni 540, humtafuti mchawi. Unamwona amekaa.

Hewa ina argoni. Mnajuaje hampimi hewa?

Tunaipima, kila mara. Karibu asilimia moja ya hewa unayovuta ni argoni, na inashika kwenye nyuso za punje, kwenye nyufa, hata kwenye kuta za mashine. Kinachotuokoa ni kwamba argoni ya hewa ina alama: kwa kila atomu moja ya argoni-36 kuna atomu 298.56 za argoni-40. Argoni-36 haizaliwi na potasiamu. Ukiiona, unajua hewa imeingia, na unajua ni kiasi gani cha kutoa.

Tatizo ni pale hewa inapozidi. Kama asilimia 60 ya argoni-40 ni ya hewa, kosa la asilimia 1 kwenye argoni-36 linageuka kosa la asilimia 1.5 kwenye umri. Kama hewa ni asilimia 90, kosa lilelile dogo linakuwa asilimia 9. Kwa hiyo mtu akikuonyesha umri wa lava changa, muulize asilimia ya hewa kabla ya kuuliza kitu kingine. Nimeona majedwali ambamo safu hiyo imeachwa, na sijui mwandishi alitaka nisome nini.

Je, ni kweli lava ya juzi imewahi kupimwa ikaonekana ya miaka milioni?

Ni kweli, na anayeleta swali hili mara nyingi anadhani amemaliza mjadala. Brent Dalrymple alilifanyia kazi mwaka 1969 kwa makusudi: alikusanya mikondo 26 ya lava ambayo siku ya kumwagika kwake inajulikana, akaipima. Mingi ilitoa sifuri, kama inavyotakiwa. Michache ilikuwa na argoni ya ziada, na mmojawapo, wa Hualalai kule Hawaii wa 1800 hadi 1801, ulionekana kuwa na zaidi ya miaka milioni moja.

Hicho ndicho kibubu kilichoanza na sarafu. Hutokea hasa pale lava inapoganda chini ya maji kwa ghafla gesi isipate nafasi ya kutoka, au inapobeba vipande vya miamba ya chini ambavyo havikuyeyuka. Zingatia ukubwa wa kosa: argoni ya ziada ya kiasi hicho inaharibu kabisa umri wa lava ya miaka elfu chache, ila kwa lava kama fonolaiti ya Kapiti ya miaka takriban milioni 13, iliyo na potasiamu nyingi, ingetikisa desimali tu au isionekane.

Kuitambua, unapasha moto punje hatua kwa hatua na kupima gesi ya kila hatua. Fuwele iliyotulia hutoa umri uleule kutoka hatua ya chini hadi ya juu, mchoro wake ukawa tambarare kama meza. Argoni ya ziada mara nyingi huchora umbo la bakuli: mwanzo juu, katikati chini, mwisho juu tena.

Na mwamba ukionekana mchanga kuliko ulivyo?

Hilo hutokea kimyakimya zaidi. Jiwe lililooza, lile ambalo ukilikwaruza kwa ukucha linatoa unga wa udongo, limepoteza argoni. Kioo cha volkano kinavuta maji na kuachia vitu. Joto la lava nyingine iliyopita karibu hufanya hivyohivyo.

Kuna kosa jingine la maabara ambalo wengi hawalifikirii: feldispa aina ya sanidini ikiyeyuka inakuwa nzito kama uji wa ugali unaokaribia kuiva, na argoni inakwama ndani. Usipoipasha vya kutosha, unapima argoni pungufu na kutangaza umri pungufu. Mfumo ulikuwa umefungwa vizuri. Aliyeshindwa kuufungua ni wewe.

Urani-risasi ina nini cha ziada?

Ina vibubu viwili ndani ya fuwele moja. Zirkoni inapoumbika inapokea urani kwa urahisi na kuikataa risasi, kwa hiyo kibubu kinaanza karibu kitupu. Kisha urani-238 hugeuka kuwa risasi-206, nusu yake kila miaka bilioni 4.468, na urani-235 hugeuka kuwa risasi-207, nusu yake kila miaka milioni 704. Mmoja anaweka sarafu polepole, mwingine haraka. Kama hakuna aliyechokoa, vibubu vyote viwili vitataja siku ileile.

Tuchukue zirkoni ya miaka milioni 600, umri ambao si wa ajabu kwenye miamba ya kale ya Kitui au Taita. Tuseme nyufa ndogo ziliingiza maji karibuni na ikapoteza asilimia 20 ya risasi yake. Saa ya urani-238 sasa inasoma milioni 484. Saa ya urani-235 inasoma milioni 505. Hazikubaliani, na kutokukubaliana huko ndiko kengele. Lakini angalia uwiano wa risasi kwa risasi, yaani 207 kwa 206. Maji hayachagui isotopu, yametoa zote kwa kiwango kimoja, kwa hiyo uwiano huo haukuguswa na bado unasoma milioni 600.

George Wetherill mwaka 1956 alichora saa hizo mbili kwenye grafu moja. Umri unaopatana unakaa juu ya mkunjo mmoja, na zirkoni zilizovuja zinajipanga kwenye mstari ulionyooka unaotoka nje ya mkunjo. Ukiurefusha mstari, unakata mkunjo mahali pawili: juu ni umri wa kuumbika, chini ni wakati wa kuvuja, ikiwa uvujaji ulitokea mara moja tu. Ukitokea mara mbili, kile kikato cha chini kinakuwa namba isiyo na mwenyewe.

Sababu kubwa ya kuvuja ni urani yenyewe. Mionzi yake huvuruga mpangilio wa fuwele kwa mamilioni ya miaka, mpaka sehemu zilizo na urani nyingi zinakuwa kama sponji. Dawa yake ni njia ya James Mattinson ya mwaka 2005: zirkoni hupashwa hadi karibu nyuzi 900, kisha huwekwa kwenye asidi ya hidrofloriki yenye joto na mgandamizo. Asidi inakula sehemu mbovu na kuacha zilizo imara.

Kwa nini basi zirkoni haikutumika kumaliza ubishi wa KBS kwa urani-risasi?

Kwa sababu kinga ile ya saa mbili hailindi vitu vichanga. Katika miaka milioni 2, risasi-207 iliyozaliwa ni kidogo mno kupimika vizuri, na ile grafu ya Wetherill pale chini ni karibu mstari ulionyooka. Zirkoni changa iliyovuja inateleza juu ya mstari huohuo, na huoni kitu.

Lipo pia jambo la thori-230, mmoja wa vituo ambavyo urani-238 hupitia kabla ya kuwa risasi. Zirkoni hukataa sehemu kubwa ya thori inapoumbika, kwa hiyo mnyororo unaanza na pengo na umri unatoka pungufu. Pengo hilo linaweza kufika karibu miaka 100,000. Kwenye mwamba wa milioni 600 halina maana yoyote. Kwenye KBS ni asilimia 5. Hurekebishwa, lakini lazima ukadirie thori iliyokuwamo kwenye lava ya asili.

Halafu zirkoni ni ngumu kuua. Inapita mtoni, inapita ndani ya lava, inabaki na umri wake wa zamani moyoni huku ikivaa ganda jipya. Hili lilinipata mwenyewe, ingawa si mto uliohusika. Miaka ya mwanzo ya kazi nilisaga pamisi kwenye maabara ambapo siku iliyotangulia mtu alikuwa amesaga naisi ya Kitui. Chekecheke lilipigwa brashi tu, halikuoshwa kwa mawimbi ya sauti. Punje tatu kati ya 20 zikarudi na umri wa zaidi ya miaka milioni 500. Niliandika kurasa mbili nzuri kuhusu volkano iliyopasua miamba ya kale kabla hatujapima mchanga uliobaki kwenye tundu za chekecheke. Kurasa hizo bado ninazo.

Zirkoni inasema milioni 600, maika ya jiwe hilohilo inasema milioni 500. Nani mwongo?

Hakuna. Zirkoni hufunga mlango wa risasi kwenye joto la zaidi ya nyuzi 900. Maika nyeusi, biotaiti, hufunga mlango wa argoni kwenye takriban nyuzi 300. Miamba iliyozikwa kilomita nyingi chini hupoa kadiri mlima ulio juu yake unavyoliwa na mvua. Namba mbili hizo ni vituo viwili vya safari moja, na pengo la miaka milioni 100 linakwambia mwendo ulikuwa wa pole. Kosa lingekuwa kuchukua ile 500 na kuiita umri wa kuumbika kwa jiwe.

Mbona hampimi fuvu lenyewe kwa kaboni?

Kaboni-14 huisha nusu kila miaka 5,730. Baada ya miaka 50,000 hivi hakuna cha kuhesabu. Ndiyo maana tunapima jivu la juu na la chini ya mfupa na kusema mfupa uko katikati.

Nikitaka kuleta jiwe lipimwe, nilete lipi?

Usilete lile lililolala juu ya ardhi, hata kama ni zuri. Vunja kwa nyundo mpaka upate sehemu ya ndani inayolia kengele ukiigonga, isiyo na kutu wala mishipa myeupe. Kilo mbili zinatosha kwa lava, kwa tufi leta mabonge ya pamisi, kila bonge kwenye mfuko wake. Andika umetoa tabaka gani na lipi liko juu yake, kwa penseli, kwenye karatasi na tena kwenye mfuko, maana wino hufutika kwenye gari la safari ya Turkana. Na tafadhali usilioshe kwa mchanga wa mto. Kuna aliyefanya hivyo, akaniletea jiwe linalong'aa, limejaa punje za watu wengine kwenye kila tundu.